Stima Ilipopotea

Onyuka, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma pale Malaba, aliwaandikia wanagenzi wake sheria mlangoni kwa rangi nyekundu. Waya uliochubuka usitumike. Sakafu ikilowa, ipanguswe kwanza. Stima ikipotea, zima mashine, chomoa plagi.

Siku moja foleni ya malori ya kuvuka mpaka ilianza kusonga Onyuka akiwa bado anakata chuma cha dereva mmoja.

"Boss, bampa yangu. Nikipitwa nitalala hapa tena," dereva alisema.

Mara grainda, mashine ya kukatia chuma, ikanyamaza mkononi mwa Onyuka. Stima ilikuwa imepotea, na swichi ya grainda ilibaki imewashwa.

"Mzee, nichomoe plagi?" akauliza Amuge, mwanagenzi wake.

"Wacha. Nabadilisha diski tu."

Stima ikarudi, diski ikazunguka vidole vyake vikiwa bado juu yake. Amuge hakumgusa kwanza. Alikimbilia swichi ya ukutani, akazima, ndipo akavua kitambaa chake cha kichwa chenye maua ya manjano, akamfunga mkono.

Onyuka alikaa chini, midomo imepauka. "Mbona hukuchomoa?"

"Nilikuuliza, mzee," Amuge alisema, akikaza fundo.

Hospitalini, vidole viwili havikuokolewa. Onyuka hakumuuliza tena.