Nywila Iliyokuwa Sahihi

Jumatatu asubuhi, kompyuta ya ofisi ilikataa nywila ambayo Ijumaa ilikuwa imeikubali. Niliiandika tena polepole, nikiangalia kila herufi kwenye kibodi. Nikahakikisha herufi kubwa hazijawashwa. Jibu likaja lile lile: jina au nywila si sahihi.

Mimi ni karani wa ushirika mdogo wa maziwa nje kidogo ya Kanyakine. Nilikuwa na mwezi wa tatu kazini, na huo ndio uliokuwa mwezi wa mwisho wa kujaribiwa. Kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kufungua programu ya barua pepe na kusoma majibu ya maabara ya wanunuzi wetu wa Meru mjini. Bila majibu hayo hatujui ni mitungi ipi imekubaliwa na ni ipi ina kasoro. Kila kitu kilipitia programu hiyo. Hakuna aliyefungua barua za ushirika mahali pengine, kwa sababu kamati ilikataza mambo ya ushirika kuzungukazunguka kwenye simu za watu.

Jumanne nilijaribu tena mpaka programu ikaacha hata kuniuliza. Nilimpigia mwenyekiti, Mzee Thuranira, nikamweleza.

"Hiyo pasiwadi tunaijua sisi wawili," alisema. "Mimi sijaigusa. Wewe umeigusa?"

"La, Mwenyekiti."

Akasema kamati itakutana Jumatano saa nne.

Ushirika wetu ulikuwa na desturi moja kuhusu nywila. Iliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikatiwa kwenye bahasha, na wanakamati watatu wakatia sahihi juu ya mkunjo kabla haijafungiwa kwenye sefu. Mtu akiondoka au akifa, bahasha inafunguliwa na kazi inaendelea. Watu wa hapa wameona vyama vingi vikifa kwa sababu mtu mmoja alienda na funguo.

Basi Jumatano Mzee Thuranira aliiweka bahasha mezani. Waliokuwepo ni yeye, Bundi aliyekuwa katibu wa kamati, na mweka hazina ambaye sisi sote tulimwita Mama Winrose. Bundi alizikagua sahihi tatu kama hakimu. Akachana bahasha, akanipa karatasi.

"Andika hiyo. Herufi kwa herufi. Tunakuangalia."

Niliandika. Ilikuwa ile ile niliyokuwa nikiiandika tangu Jumatatu. Kompyuta ikakataa. Nilikigeuza kioo wakaona, kisha nikakirudisha.

"Mnaona?" Bundi aliketi. "Karatasi haijaguswa, na mlango haufunguki. Maana yake kuna mtu amebadilisha kitasa kwa ndani. Na ndani anakaa nani kutwa nzima?"

"Bundi, pole pole," Mama Winrose alisema. "Huyu ni mtoto wa watu."

"Hata yule karani aliyeiba mitungi ya ushirika wa Muthara alikuwa mtoto wa watu. Mwezi wake wa tatu unaisha Ijumaa. Mimi nasema tuandike barua leo, arudishe ufunguo, tutafute mwingine."

Nilitaka kusema kitu na sauti haikutoka. Mimi huwa hivyo. Chuoni walimu walinisifu kwa karatasi za mtihani, si kwa kuinua mkono.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera tangu usiku uliopita. Kama nywila ingekuwa imebadilishwa kweli, basi ingekataliwa kila mahali. Na mimi nilikuwa nimeijaribu mahali pamoja tu.

"Naomba kujaribu mara moja zaidi," nilisema. "Si kwenye programu. Kwenye ukurasa wenyewe wa mtandao, hapa mbele yenu."

"Mara ya mia moja na moja," Bundi alisema.

"Mwache," akasema mwenyekiti.

Kivinjari kilichukua muda kufungua ukurasa wa barua pepe. Nikaandika anwani ya ushirika, nikaandika nywila ya kwenye bahasha, nikabofya. Ukurasa haukusema nywila si sahihi. Ulisema: andika msimbo uliotumwa kwa simu inayoishia na 47.

Wakati huo huo simu ililia ndani ya koti la Mzee Thuranira. Hakuitoa. "Hawa watu wa matangazo," alinung'unika.

Namba yake niliijua kwa moyo. Ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa ajili ya wakulima, na iliishia na arobaini na saba.

Kioo cha kompyuta kilikuwa kimenielekea mimi tu. Wale watatu walinitazama wakisubiri. Ningeweza kukigeuza, nikamalizana na Bundi papo hapo. Nilimtazama mzee. Alikuwa amevaa tai yake ya mikutano, ile ya kahawia, na kalamu mbili mfukoni. Yeye ndiye aliyeanzisha ushirika huu akiwa na wakulima kumi na wanne. Sikuweza kumfanyia hivyo mbele ya watu.

"Mwenyekiti, naomba dakika mbili nje."

"Aha!" Bundi aliinuka nusu. "Mambo ya ofisi yasemwe ofisini."

"Kaa wewe," Mama Winrose alimwambia. "Dakika mbili hazitagandisha maziwa kuwa mala."

Tulisimama nyuma ya jengo, mahali mitungi huinamishwa ikauke. Nilimuuliza kama kwenye mafunzo ya viongozi wa ushirika aliyohudhuria Embu, Ijumaa iliyopita, walifundishwa kuhusu usalama wa barua pepe.

"Sana," alisema, na uso ukachangamka. "Mwalimu alisema pasiwadi peke yake haitoshi siku hizi, tuongeze hatua ya pili. Akatuonyesha kwenye simu zetu. Mimi nilikuwa wa kwanza kumaliza, binti yangu, wakanipigia makofi. Niliweka namba yangu hapo hapo kwenye barua pepe ya ushirika." Akaniangalia. "Lakini sikugusa pasiwadi."

"Ndiyo, Mwenyekiti. Hukuigusa. Bado ni ile ile, na ni sahihi."

"Sasa mbona inakataa?"

"Ukurasa wa mtandao unaikubali, halafu unaomba msimbo. Umekuja kwenye simu yako sasa hivi. Ile programu ya ofisini haina mahali pa kuandika msimbo. Inajua kupeleka jina na nywila tu. Sasa kwa kuwa kuna hatua ya pili, seva haimruhusu mtu aingie kwa nywila peke yake, na programu haijui kueleza hivyo. Inasema tu nywila si sahihi."

Alitoa simu, akaisogeza mbali na macho, akausoma ujumbe.

"Kwa hiyo tangu jana unaitwa mwongo kwa sababu yangu."

"Hukujua, Mzee. Naweza kuwaambia ni mtambo. Si uongo mtupu."

Alirudisha simu mfukoni na kutangulia kuingia. Nilimfuata bila kujua atasema nini, na nilijua kwamba akinyamaza, mimi pia nitanyamaza, na Ijumaa nitarudisha ufunguo.

Alisimama mbele ya kiti chake. "Kitasa nilibadilisha mimi," alisema. "Kule Embu. Niliongeza kufuli la pili kwenye simu yangu, nikasahau kumwambia karani. Binti huyu hana kosa."

Mama Winrose alifunika mdomo kwa leso. Nadhani alikuwa anacheka. Bundi alitazama dirisha.

"Basi liondoe hilo kufuli tuendelee na kazi," alisema mwishowe.

"Tafadhali lisiondolewe," nilisema, na nilishangaa kusikia sauti yangu. "Ni zuri. Mtu akiiba karatasi ya bahasha, bado hataingia bila simu ya Mwenyekiti. Programu tunaweza kuitengenezea nywila yake yenyewe."

"Pasiwadi nyingine tena?"

"Ya programu hii peke yake."

Msimbo wa kwanza ulikuwa umepitwa na wakati, nikaomba mwingine. Mzee Thuranira aliusoma kwa sauti, tarakimu moja moja, nami nikaandika. Ukurasa ukafunguka. Niliingia kwenye mipangilio ya usalama, chini ya hatua mbili za kuingia, nikapata sehemu ya nywila za programu. Iliniomba jina. Niliandika "Kompyuta ya ofisi". Zikatokea herufi kumi na sita zisizo na maana yoyote, pamoja na onyo kwamba zitaonyeshwa mara hiyo moja tu.

Bundi alichukua kalamu. "Ngoja niandike kwenye kumbukumbu za mkutano."

"Hapana, Katibu. Hii haiandikwi popote. Ikipotea tunaifuta na kutengeneza nyingine. Na kompyuta ikiibwa, tunaifuta hii tu, nywila kubwa inabaki."

Alirudisha kalamu mezani.

Nilizinakili zile herufi, nikafungua programu, nikafuta nywila ya zamani iliyohifadhiwa, nikabandika mpya. Mstari wa buluu ukaanza kutembea chini ya kioo. Kisha barua zikaanza kuingia, moja juu ya nyingine, arobaini na moja. Mama Winrose alipiga makofi. Majibu ya maabara ya siku tatu yalikuwemo, yote mazuri isipokuwa mtungi mmoja uliotiwa maji. Ilikuwemo pia barua ya wanunuzi iliyouliza mbona tuko kimya.

Niliandika jibu fupi, nikabofya kutuma. Kompyuta ikaniambia: jina au nywila si sahihi.

"Si nilisema!" Bundi aliinuka. "Si nilisema!"

Halafu nikakumbuka kwamba programu huwa na milango miwili, mmoja wa kupokea na mwingine wa kutuma, na kila mmoja ulikuwa umetunza nywila yake. Nilikuwa nimebadilisha wa kupokea tu. Herufi zile zilikuwa bado kwenye ubao wa kunakili. Nilizibandika upande wa kutuma, nikabofya tena. Barua ikaenda.

"Keti basi, wakili," Mama Winrose alimwambia Bundi. "Umeshindwa kesi mara mbili kwa siku moja."

Bundi alicheka bila kutaka. Akanisukumia daftari lake la mkutano. "Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Andika wewe hiyo sehemu ya barua pepe."

Nilianza kuandika: Ilibainika kwamba kulikuwa na hitilafu ya mtambo.

Mzee Thuranira alisogea nyuma yangu, akavaa miwani, akasoma.

"Futa hiyo," alisema. "Andika: Mwenyekiti, M. Thuranira, aliwasha hatua ya pili ya kuingia bila kumjulisha karani. Weka jina langu lote. Wakulima watasoma hii kwenye mkutano mkuu, na wamesikia maneno kukuhusu tangu jana."

Nilichora mstari mmoja juu ya sentensi yangu na kuandika yake.

"Halafu chini yake," aliendelea, "andika kwamba muda wa majaribio wa karani umekwisha leo, na kamati imemthibitisha. Bundi, una pingamizi?"

"Sina," Bundi alisema. "Lakini anifundishe hiyo hatua ya pili kwenye simu yangu kabla sijaenda nyumbani."