Mama Mwenye Ndoo Tupu

Agar aliandika mchezo wa vikaragosi kwa hasira, lakini ilikuwa hasira ya kufaa kazi. Kiangazi kilichopita dada yake Kyabu alizika mtoto aliyeharisha mpaka macho yakaingia ndani. Kyabu aliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kamina. Wakubwa wa reli walilifunga bomba la kambi kwa kufuli tangu asubuhi, na wanawake waliolikuta limefungwa walishuka kuchota kijitoni, chini ya vyoo.

Basi Mama Hollis, muuguzi Mmarekani wa misheni, alipomwomba mchezo wa kufundisha watoto habari ya maji safi, Agar alijua pa kuanzia. Alikuwa mwalimu, na Kiingereza alikipata Ndola, ng'ambo ya mpaka, baba yake alipofanya kazi migodini. Mchezo ungekuwa wa Kiswahili kwa watoto, na wa Kiingereza kwa makanisa ya Amerika yaliyosaidia zahanati.

Aliandika sentensi fupi, kwa kuwa mtoto husahau ndefu. Hakuweka vikaragosi zaidi ya viwili pamoja, kimoja kila mkono. Mama anakuta bomba limefungwa, ndoo tupu. Anachota kijitoni, anachuja kwa kitambaa, anachemsha. Hapo kikaragosi kinawauliza watoto: maji yakitoa moshi, yamekwisha kuchemka? Watoto wajibu: bado. Mpaka yatokote, yaruke kwa nguvu. Kisha mtungi ufunikwe, na kikombe cha kuchotea kiwe na mpini, vidole visiguse maji. Vichwa alivitengeneza kwa karatasi na uji wa muhogo.

Juma moja baada ya kumkabidhi Mama Hollis mchezo, Abner, mkuu wa shule, alimletea kutoka zahanati karatasi zilizopigwa taipu. Agar alisoma Kiingereza akiwa amesimama. Bomba halikuwamo. Mama wa mchezo alikuwa mvivu, alipenda kulala, akawanywesha watoto maji machafu mpaka muuguzi mweupe alipomfundisha. Abner akasema, bila kumtazama, kwamba Kiswahili nacho kirekebishwe kifanane.

Agar alikwenda moja kwa moja zahanati. Mama Hollis alimweleza kwa upole kwamba wakubwa wa reli wangechukizwa na habari ya kufuli, na kwamba watu wa Amerika wanahitaji hadithi nyepesi.

"Mama, dada yangu haiko muvivu," Agar alisema. "Ni bomba njo ilifungwa. Bantu ba kule batasoma hii, batawaza yeye njo aliua mutoto wake."

Mama Hollis alisema hakuna atakayemjua dada yake.

"Minyi ninamujua."

Alikataa kubadilisha hata neno moja, akakataa pia kushika vikaragosi. Mama Hollis akamjibu kwamba Abner atavishika.

Jumamosi watoto wa kambi walikaa chini uwanjani pa shule, mama zao nyuma yao. Abner alikuwa na sauti nzuri. Kikaragosi cha mama kilikoroma, watoto wakacheka. Kikapiga miayo, kikasema mayi ni mayi tu, wakacheka zaidi. Mtoto mmoja akageuka akamwonyesha Kyabu kidole.

Kyabu aliinuka. Alimshika mkono binti yake aliyebaki, akaondoka. Mwanamke wa pili akamfuata, kisha wengine, kila mmoja akiita wanawe. Abner alipofika kwenye kuchemsha, mbele ya pazia palikuwa na watoto wachache wa walimu, ambao nyumbani kwao bomba halikuwa na kufuli.

Agar alipita nyuma ya pazia, akavua vikaragosi mikononi mwa Abner. Abner hakuvizuia.

Jioni alikwenda kwa dada yake mkubwa, aliyemwita Yaya. Kyabu alikuwa akipepeta unga, na hakumkaribisha.

"Yaya, ile haikuwa maneno yangu."

"Karatasi ya vile vichwa ilikuwa yako," Kyabu alisema.

Agar alikaa hapohapo chini mpaka unga ukaisha. Kisha akamsomea aliyoandika, tangu ndoo tupu mpaka kikombe chenye mpini. Kyabu alisikiliza, akasema aongeze habari ya kuni, kwa sababu kuni ni shida. Zikiwa chache, mama aanze kuchemsha maji ya watoto wa kunyonya na wanaotambaa. Agar akaongeza.

Jumapili baada ya ibada waliucheza uani kwa Kyabu, chungu halisi kikiwa motoni. Moshi ulipotoka kwenye maji watoto wakapaza sauti: bado! Maji yaliporuka, wakaruka nayo. Mama zao hawakucheka.

Mama Hollis alikuwa amesimama mlangoni mwa ua tangu katikati ya mchezo. Watu walipotawanyika, alikuja akasema kwa sauti ya chini kwamba huu ndio mzuri, na kwamba angependa Kiingereza chake.

"Kile cha kwanza kilikwenda Amerika?" Agar aliuliza.

Kilikwenda.

"Basi andikia bantu ba kule kwanza, uwaambie kilikuwa bongo, haikuwa kweli. Kisha njo nitakupa hii."

Mama Hollis alisema hilo ni gumu. Agar akamwacha amesimama, akaenda kumsaidia dada yake kumimina maji mtungini.