Giza Kabla ya Sauti ya Mama

Bwana Picha alikuwa fundi wa televisheni, tena fundi mwenye maneno. Ukinunua televisheni pale dukani kwao, yeye ndiye anayekuja kuifunga ukutani, na kabla hajaondoka lazima akusomeshe habari za rangi na mwanga mpaka chai ipoe. Jina hilo alipewa na wakwe zake kwa utani, naye akalivaa kama koti jipya.

Jumapili hii alikuwa nyumbani kwa baba mkwe wake, na ukuta wa sebule ulikuwa umechimbwa. Kutoka nyuma ya televisheni hadi kwenye kabati la chini, mfereji ulipita katikati ya plasta nyeupe, na vumbi limejaa kila mahali, hadi kwenye vitambaa vya makochi alivyofuma marehemu mama mkwe. Aliyechimba ni shemeji yake, Kitinda, mtoto wa mwisho wa nyumba ile, fundi umeme. Na aliyesababisha achimbe ni Bwana Picha.

Ilikuwa hivi. Tangu mama mkwe afariki, Mzee hana kazi nyingine mchana ila kuangalia video zake. Watoto walizikusanya zote: hizi za simu mpya ya binti yake, mke wa Bwana Picha, zile za simu kuukuu ya Kitinda, nyingine za mpiga picha wa harusini. Zikawekwa kwenye kile kiboksi kidogo kinacholeta filamu za mtandaoni, zipangwe zifuatane. Macho ya Mzee yameshaingia ukungu, lakini masikio mazima. Anachotaka ni sauti.

Sasa, kila video ikianza, kioo kinazima. Giza tupu, sekunde mbili tatu, kimya, kisha picha inarudi na mama ameshaanza kusema. Maneno yake ya kwanza yameliwa. Mzee aliuliza kuna nini, na Bwana Picha, badala ya kukaa chini akachunguza, akajibu palepale mbele ya watu wote, "Waya, baba. Waya wa HDMI, huu wa kuleta picha na sauti, uliopitishwa ukutani. Umekunjwa vibaya."

Waya ule aliupitisha Kitinda.

"Mimi sijakunja waya," Kitinda alisema.

"Wewe ulishazoea kulipua kazi," Mzee alimkata. "Hata ya mama yako umelipua?"

Leo kijana wa watu amekuja na nyundo na patasi, akavunja ukuta alioupaka mwenyewe, akautoa waya wa zamani na kuweka mpya.

"Haya, washa," alisema, jasho limechanganyika na vumbi usoni.

Bwana Picha akawasha. Video ya kwanza: giza. Ya pili: giza. Mzee akaguna kwenye kochi lake. Kitinda akautazama waya wa zamani pale sakafuni, mzima, hauna hata mkwaruzo, halafu akamtazama shemeji yake.

Hapo ndipo Bwana Picha alipofungua ukurasa wa mipangilio ya kiboksi. Alifungua ili aonekane anafanya jambo, basi. Akakuta mistari miwili imewashwa: linganisha kasi ya fremu, linganisha mwanga na rangi.

Nani aliyeiwasha? Yeye! Siku ya kufunga televisheni, akijisifu kwa mkewe kwamba filamu lazima ionekane vile ilivyopigwa. Kiboksi kikaambiwa kibadili mtindo kufuata kila video inayochezwa: video ya simu mpya ina fremu, yaani picha, thelathini kwa sekunde na ule mwanga mkali wa HDR, ya harusini ina fremu ishirini na tano na mwanga wa kawaida. Kila mtindo ukibadilika, televisheni na kiboksi huachana, husalimiana upya, na wakati huo kioo ni giza. Waya mbovu ungekata picha popote, hata katikati ya video. Hili giza lilikuja mwanzoni tu, kila mara mwanzoni. Mtu wa kazi yake angelijua siku ya kwanza. Naye angelijua, kama angejisumbua tu kufikiri.

Aliona aibu. Na aibu, jamani, ina akili ya mwizi.

"Shemeji," alisema, sauti ikiwa laini kuliko kawaida, "hebu kaza kile kichwa cha waya kule nyuma. Naona kimelegea."

Kitinda akainama nyuma ya televisheni. Bwana Picha, kidole haraka haraka, akazima mistari yote miwili, akachagua mtindo mmoja wa kudumu, fremu sitini na mwanga wa kawaida, ili kiboksi chenyewe kigeuze kila video kabla ya kuitoa na televisheni isisalimiane tena na mtu. Mwendo wa video ya harusini ungegugumia kidogo, na rangi za simu mpya zingepungua mng'ao. Nani wa kuona? Mzee?

"Tayari," Kitinda alisema kutoka nyuma.

Video ikaanza bila giza. Jikoni. Mama anafuta mikono kwenye kanga, anageukia mlango. Video hii Mzee aliijua kwa moyo, maana siku zote giza lilipoondoka alisikia, "...umekula lakini?" naye kila mchana humjibu kwa sauti, "Nimekula, mke wangu."

Leo sauti ilikuja nzima.

"Kitinda wangu, mbona umekonda hivyo? Umekula lakini?"

Kitinda alikuwa bado amepiga magoti nyuma ya televisheni, mkono kwenye waya. Dada yake, mke wa Bwana Picha, akaziba mdomo.

"Kumbe alikuwa anamwita yeye," Mzee alisema polepole. Kisha akageuza uso kuelekea mwanawe. "Unaona sasa, ulipokaza? Ulilegeza kazi yako, ukaninyima sauti ya mama yako muda wote huu. Na yeye anakuita wewe."

"Nisamehe, baba," Kitinda alisema, machozi yakichora njia kwenye vumbi. "Labda kweli sikukaza."

Hilo ndilo lililommaliza Bwana Picha. Angetukanwa angevumilia. Lakini mtu kuomba radhi kwa kosa lisilo lake, na kuamini kabisa kuwa ni lake! Akatamani ardhi ipasuke.

Alishika rimoti. Akawasha mistari ile miwili, akarudisha video zilizotangulia. Giza. Giza. Akaizima tena, akacheza zilezile. Hakuna giza.

"Si waya, baba. Haujawahi kuwa waya. Ni mimi niliyeweka hivi, na sasa hivi nimezima kwa siri, Kitinda akiwa ameinama. Nilitaka ionekane ni yeye."

Mkewe alimtazama mara moja, kisha akaangalia pembeni, na Bwana Picha aliona afadhali angepigwa kofi.

Mzee alinyoosha mkono hewani. "Kitinda. Njoo ukae hapa."

"Nina vumbi, baba."

"Njoo na vumbi lako." Akamshika kichwa, akampapasa shavu kwa vidole. "Kweli umekonda. Mwanangu, nimekuonea."

Kisha Mzee akasema, bila kugeuka, "Mkwe."

"Naam, baba."

"Rimoti mpe mke wako. Wewe chukua mwiko. Saruji iko nje."

Bwana Picha akatoka, akakoroga saruji katika shati lake la kazi lenye nembo ya duka, akarudi, akapiga magoti mbele ya mfereji. Hakuwahi kuziba ukuta maishani mwake. Saruji ilimdondokea mapajani. Nyuma yake video ilianza upya, na mama mkwe akauliza tena, "Kitinda wangu, mbona umekonda hivyo? Umekula lakini?"

"Bado, mama," Kitinda alijibu.

Bwana Picha hakugeuza uso kutoka ukutani.