Nyuki wa Ukuta wa Jikoni

Vimla, mjane wa Chhotalal, alikuwa na duka la vitambaa Singida mjini. Nyuma ya duka kulikuwa na ua wenye vyumba vitatu vya kupangisha. Wapangaji walimwita Mama Pradeep, kwa jina la mwanawe aliyekuwa akisoma Dodoma.

Miaka michache baada ya Uhuru alifika mwanamke wa Rungwa, Dina, kupanga chumba cha kati. Alikuja na magogo mawili mafupi yaliyofungwa kanga. Alieleza kwamba ndani mna nyuki wadogo wasiouma, na kwamba asali yao huiuza kwa chupa ndogondogo kwa watu wenye kikohozi. Vimla alikuwa akimpimia mteja kitambaa. Alijibu bila kuinua macho: nyuki ruksa, biashara ruksa, mradi asisumbue mtu.

Maneno hayo aliyasikia pia Mughwai, mpangaji wa chumba cha mwisho, mchukuzi wa mizigo sokoni. Masika yalipokwisha, naye akaleta mzinga wake mkubwa, mtupu, akaupaka nta ya kunasia kundi na kuuweka juu ya paa la jikoni.

Asubuhi moja mvumo ulitoka upande wa ziwa lililo kando ya mji. Vimla alidhani ni lori. Kisha mwanga wa ua ukapungua, naye akaona hewa yote juu ya mapaa ikizunguka, kahawia, hai, ikishuka polepole kama pazia: nyuki, kundi zima. Hakukimbia. Alisimama mlangoni mwa duka na wembe wa kukatia nyuzi mkononi, bila kujua kama anaogopa au anasali. Mwalimu Laurenti, mpangaji wa tatu, alimvuta ndani, akafunga mlango. Walikaa humo mpaka jioni, wakisikiliza.

Jua lilipozama, nyuki wote wakiwa wameingia mzingani, Mughwai na Dina waliushusha kwa moshi, wakaziba mlango wake kwa majani, na Mughwai akaupeleka kwa kaka yake kijijini Mtinko. Alirudi amevimba jicho, akasema alifanya alichoruhusiwa. Ulisema nyuki ruksa, alimwambia Vimla, na hukutaja nyuki gani.

Laurenti alitaka nyuki wote wapigwe marufuku, kwa kuwa mwanawe mdogo hucheza uani. Vimla aliona ana haki, akamfuata Dina kwenye ukuta wa jikoni, alikotundika magogo yake, kumwambia ayahamishe.

"Shikamoo, Mama Pradeep," Dina alisema. Alielewa kilichomleta. "Kabla hujasema, tazama kwanza."

Aliondoa kizibo cha gogo moja. Vimla alijikaza. Hakuna kilichomchoma; wadudu wadogo kuliko punje za mtama walitembea mkononi mwake na kwenye nywele. Mlango wao ulikuwa mrija mwembamba wa nta, umejengwa ukatokeza nje kama kidole, na walinzi wamejipanga mdomoni mwake. Ndani hamkuwa na masega aliyoyazoea. Mlikuwa na vyungu vidogo vya nta, vya mviringo, vimeshikana, kila kimoja kimejaa asali na kufunikwa. Vimla alikumbuka vyungu vya shaba alivyopanga mama yake mbele ya sanamu ya Krishna. Alisahau kilichomleta.

"Nani anawafundisha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Dina alisema hajui. Hata baba yake hakujua.

Vimla alitoboa chungu kimoja kwa ncha ya kijiti, akaonja. Ilikuwa tamu yenye uchachu. Alikilamba kijiti, kisha akasema, "Kosa ni langu. Niliruhusu neno tu, sikutaja ni kitu gani."

Siku iliyofuata aliwaita wapangaji wote, akamwomba Laurenti aandike naye akitamka. Dina anaruhusiwa kufuga nyuki wadogo wasiouma tu, mizinga isiyozidi miwili, kwenye ukuta wa nje wa jikoni na si pengine. Anaruhusiwa kuuza asali yao dirishani mwake, mchana, bila kuweka meza uani. Nyuki wanaouma hawaruhusiwi kwa mpangaji yeyote. Ruhusa hii ni ya Dina, haimfuati atakayepanga chumba hicho baadaye. Nyuki hao wakileta madhara, mwenye nyumba atamwarifu mwezi mmoja kabla ya kuiondoa. Anayetaka mnyama au biashara nyingine aombe kwanza, na ajibiwe kwa maandishi.

Laurenti aliuliza mtoto akiingiwa na mdudu sikioni, itakuwaje. Vimla aliona swali ni la haki. Wakaongeza: mizinga iinuliwe juu ya kimo cha mtoto, na Dina ndiye wa kuitunza. Wote wakatia sahihi. Mughwai alipiga dole gumba, akaomba papo hapo ruhusa ya paka wake, akaandikiwa kipande chake.

Dina aliinua magogo juu siku hiyohiyo. Laurenti alimwinua mwanawe akamsogeza karibu na mrija wa nta. Mtoto alizuia pumzi, baba naye, na Vimla aliyekuwa akipita na ndoo akasimama nyuma yao, akitazama walinzi wakimpokea mwenzao aliyebeba chavua ya manjano miguuni.