Pesa Hurudi Ilikotoka

Bwana Asilimia alifika karakanani kwetu Jumatatu saa nne asubuhi, akavuta kiti bila kukaribishwa, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa kwamba amekuja kuchukua laki sita zake.

Jina hilo tulimbandika sisi mafundi. Kazini kwake, kwenye hoteli kubwa ya mjini, anaitwa ofisa ununuzi. Hakuna kinachoingia hotelini, iwe sabuni au shuka, bila kupita mkononi mwake, na mkono wake haujawahi kupitiwa bure. Sisi tumewashonea sare wafanyakazi wa hoteli hiyo miaka mitatu. Zamani alikuja na fedha taslimu, akatulipa milioni moja na laki nane, na kaka yangu, ambaye ndiye mkataji wetu wa vitambaa, akamwandikia risiti ya milioni mbili na laki nne. Tofauti ilikwenda mfukoni mwa Asilimia. Mimi niliinamia cherehani nikajifanya sioni, na nilijichukia kila mara.

Mwaka huu hoteli ikaajiri mhasibu mpya, mama mmoja ambaye nilikuwa sijamtia machoni. Alipiga marufuku fedha taslimu. Kila kitu kilipwe mtandaoni kwa kadi ya hoteli, na kadi anakaa nayo yeye.

Mimi nilikuwa tayari. Nina duka dogo la mtandaoni, nauza aproni na makoti ya wapishi, na nililitengeneza mwenyewe huku kaka akinicheka. Kampuni ya malipo ilinisumbua wiki mbili nzima: kitambulisho, cheti cha biashara, akaunti ya benki yenye jina lilelile la kwenye cheti, herufi kwa herufi. Lakini walipokubali, chini ya kila aproni pakatokea kitufe cha Lipa. Mteja akikibonyeza anachagua simu au kadi. Wa simu anaandika namba yake, ombi linamjia, anaweka namba ya siri. Wa kadi anajaza tarakimu zake, kisha benki yake inamtumia msimbo wa kuthibitisha. Mteja wangu wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe. Nilinunua aproni yangu, na simu iliponiuliza namba ya siri nilicheka peke yangu mpaka mafundi wenzangu wakasimamisha mashine kunitazama.

Kwa oda kubwa huwa natuma kiungo cha malipo, mtu anakifungua na kulipa moja kwa moja. Hapo ndipo nilipofanya kosa. Kiungo cha hoteli nilikiacha bila kiasi, mlipaji ajaze mwenyewe, kwa sababu nilipokitengeneza idadi ya sare ilikuwa bado inabadilika kila siku. Idadi ilipotulia, nikamtumia Asilimia kiungo pamoja na ankara ya milioni moja na laki nane, ampelekee mhasibu. Kiungo kilifika. Ankara anajua yeye ilikoishia. Ijumaa nikapata taarifa kwamba nimelipwa kwa kadi milioni mbili na laki nne. Nilifurahi kwa muda wa kupepesa jicho, kisha nikaelewa: Asilimia alikuwa amemtajia mhasibu bei ya zile risiti za zamani.

Sasa alikuwa mbele yangu, mguu juu ya mguu, akinieleza kwamba maisha ni kusaidiana na mkono mtupu haulambwi. Akanikumbusha kuhusu mapazia. Hoteli inabadilisha mapazia ya vyumba themanini, kazi ya miezi mitano, na jina letu lipo juu ya orodha yake. Orodha, alisema, huandikwa kwa penseli.

Alijua anapobonyeza. Tuna washonaji wanne, na bila mapazia hayo ningewarudisha wawili nyumbani kabla mwezi haujaisha. Kaka aliweka mkasi mezani, akanisogelea.

"Mdogo wangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo," alininong'oneza. "Mpe aende zake."

Nilimpenda kaka yangu hata wakati huo, lakini hasira ilikuwa imeshanipanda. Nikawasha kompyuta, nikafungua ukurasa wangu wa mauzo. Asilimia akasogeza kiti, akaanza kunitajia namba yake ya simu nimtumie huko. Sikuiandika. Nilifungua malipo ya Ijumaa, nikachagua kurudisha sehemu, nikaandika laki sita. Ukauliza sababu. Nikajaza: malipo yamezidi bei.

Chini palikuwa na onyo kwamba ada ya muamala hairudi. Asilimia tatu na nusu ya laki sita ni elfu ishirini na moja, na hiyo ilikuwa inatoka kwangu. Kwa mara ya kwanza maishani nililipa asilimia kwa moyo mweupe.

"Zinakwenda wapi?" aliuliza Asilimia. Alikuwa ameacha kutabasamu.

"Kwenye kadi iliyolipa. Mfumo haujui njia nyingine," nikamwambia. "Na taarifa inakwenda kwenye barua pepe iliyojazwa siku ya kulipa. Nadhani ni ya mhasibu wenu."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Alisema tuongee, tuongee kama watu wazima, hata laki tatu zingemtosha. Kaka alinishika bega. Nikabonyeza.

Asilimia akaniambia nifute. Nikamjibu kwamba haifutiki. Alisimama akatazama kioo cha kompyuta, neno "inarudishwa" nalo likimtazama, halafu akaniambia kwamba hata leso ya hoteli ile sitaishona tena. Nikamfungulia mlango. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi, na sikuwa na la kumsaidia.

Kaka hakunisemesha siku mbili. Alikata vitambaa kwa nguvu kama vimemkosea. Mimi nilitengeneza upya viungo vyote, kila kimoja kikiwa na bei yake imefungwa, pasiwe na nafasi ya mtu kujaza anachotaka. Ndipo nikawaeleza washonaji ukweli wote, pamoja na hatari ya kukosa kazi. Mmoja alilia. Sikuomba radhi, ingawa usiku sikulala vizuri.

Jumatano mchana simu ikaita. Alikuwa mhasibu, sauti ya upole, sauti ya mtu anayeandika huku anaongea. Alisema ameona laki sita zimerudi na sababu yake ameisoma. Alitaka kujua jambo moja tu: sare za mwaka jana, na za mwaka juzi, zilikuwa bei gani hasa? Maana risiti alizonazo zinasema milioni mbili na laki nne.

Kaka alikuwa amesikia, maana simu yangu ina sauti kubwa. Alisimama upande wa pili wa meza akitikisa kichwa, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. Nilimwomba mhasibu dakika moja, nikaifunika simu kwa kiganja.

"Mwandiko ni wangu," alisema kaka. "Watanifunga mimi, si Asilimia."

"Mwandiko ni wako, kaka. Kunyamaza kulikuwa kwangu."

Alinitazama, na mimi sikuinamia cherehani. Mwishowe akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua koti lake msumarini, akalivaa. Nikairudisha simu sikioni.

"Milioni moja na laki nane, mama," nikasema. "Kila mwaka. Tunakuja sasa hivi kueleza, na tunakuja wawili."