Taa Nyekundu Siku ya Mtihani

Mtihani wangu wa cheti cha sheria ulikuwa wa mtandaoni, na mwisho wa kuingia ulikuwa saa nane na nusu mchana. Saa nane na robo, dukani kwetu Kilindoni, taa ya LOS, ile ya kuonya kuwa mawimbi yamekatika, ikawaka nyekundu kwenye kifaa cha intaneti ya faiba.

"Makampuni haya ndivyo yalivyo," alisema Tahir, mshirika wangu wa duka tangu tuliposoma wote darasa la usiku. "Ahirisha tu, sheikh."

Nilimpigia mtoa huduma. Ilichukua muda binti wa huduma kwa wateja kupokea.

"Shikamoo, baba. Taa zikoje?"

"Marahaba. Ya umeme ni ya kijani, ya PON, ile ya mtandao, imezima, LOS nyekundu. Nimezima kifaa na kukiwasha, bado."

"Angalia kama ule waya mwembamba umekunjwa. Usiuchomoe, wala usichungulie ncha yake."

Niliufuata hadi nyuma ya kabati. Ulikuwa umepindwa mara mbili na kukazwa kwa mshipi wa kuvulia, kwa fundo lile lile ambalo Tahir hufungia mizigo ya wateja.

Nilikata mshipi, nikaulegeza waya ukawa duara pana. Taa nyekundu ikazimika, ya PON ikapepesa, kisha ikatulia kijani. Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na nne.

"Ni wewe?"

Tahir alitazama sakafu. "Ukipata cheti utaniacha peke yangu hapa."

Binti bado alikuwa kwenye simu. "Niandike chanzo nini, baba?"

"Andika waya ulikunjwa makusudi," nilisema, "na mtu niliyempa ufunguo wa duka."