Mkono Mdogo Ndani ya Kamera

Sanduku la tatu lilikuwa katikati ya ngazi, mimi nimelibeba kwa chini na Falguni kwa juu, pale Tushar, kijana wa kafe ya intaneti, alipoingia kutoka barabarani akihema.

"Mzee Indu yuko wapi? Mtu wa kamera amejibu! Shikamoo mzee Anuari."

"Marahaba. Shika hapa kwanza, mgongo wangu unakatika."

Akashika. Tulilishusha hadi mlangoni, tukaliweka pamoja na mengine mawili. Falguni alijifuta jasho. Yeye hakutaka mtu wa kamera ajibu.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, Mtaa wa Sikukuu, Dar, ya tangu zamani. Juu aliishi rafiki yangu Indravadan, mzee Indu kwa majirani, chini ndipo ilipokuwa studio yake ya picha. Mwenye nyumba alikuwa ameiuza, nayo ilikuwa ivunjwe mwisho wa mwezi lipande jengo refu kama yale yaliyokwisha kuota kulia na kushoto. Falguni, binti wa Indravadan, aliyeolewa Uingereza, alikuwa amekuja kumchukua. Ndege ilikuwa Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Indravadan hakutaka kwenda. Alizaliwa juu ya ngazi zile, mkewe alifia juu ya ngazi zile. Wakabishana wiki nzima, mwisho wakakubaliana hivi: alikuwa na kamera ya Kijerumani ya baba yake, ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo Tushar aliiweka kwenye mtandao wa mnada. Ikipata mnunuzi kabla ya Jumapili, mzee atapanga fremu ya studio na chumba Mtaa wa Mahiwa, abaki. Isipopata, anapanda ndege. Falguni alikubali kwa sababu aliona hakuna mtu mwenye akili atakayetoa fedha zote zile kwa kamera iliyomzidi baba yake umri.

Kwa hiyo Tushar alipotuita, kilichokuwa kinaamuliwa si kamera.

Kafe ya intaneti ya Tushar ilikuwa nyumba ya pili kutoka pale. Indravadan alishuka amevaa viatu vya kufunga kamba, kamera shingoni, utadhani anakwenda kupiga picha za harusi. Mlangoni mwa kafe, Scholastika, mama ntilie aliyetulisha sote, alikuwa anakaanga samaki wake wa soko la Feri.

"Babu Indu, mbona umependeza hivyo? Unaenda kuposa?"

"Napokea posa, Scholastika. Leo mimi ndiye baba wa bibi harusi."

Tukakaa watatu mbele ya kompyuta moja, Falguni amesimama nyuma. Tushar akasoma. Aliyeandika aliitwa Benjamini, Mtanzania wa Songea aliyekuwa fundi na mkusanyaji wa kamera kuukuu huko Hamburg. Barua yake ninayo mpaka leo, Tushar alinichapishia:

*"Mheshimiwa mzee Indravadan, shikamoo. Nimeiona kamera yako na nimeipenda. Bei sina neno nayo. Lakini naomba usinichukie nikikuuliza mengi, maana nimeshaumizwa mara mbili. Kuna kamera nyingi za Kirusi ambazo watu huzikwangua jina, wakachonga jina na namba za Kijerumani, wakaziuza kwa bei ya Kijerumani. Kwa picha mbili ulizoweka siwezi kujua.*

*Naomba picha ya juu, namba isomeke. Kama una karatasi ya dukani ilikonunuliwa, ipige nayo. Naona pia rangi nyekundu kuzunguka namba. Ni kutu, au kuna mtu ameipaka upya? Lenzi inaonekana ni ya Kijerumani kweli, ila lenzi huhamishwa, kwa hiyo haitoshi.*

*La mwisho ndilo kubwa kwangu. Namba mtu yeyote anaweza kuchonga. Ifungue lenzi, inazunguka tu kama kifuniko cha chupa, upige picha tundu lake kwa ndani. Kwa juu utaona mkono mdogo wa chuma unaobonyea. Ya Kijerumani, ncha ya mkono huo ina kigurudumu cha mviringo. Ya Kirusi haina kigurudumu, ni bapa iliyochongoka kama kabari. Nikiona kigurudumu natuma fedha siku hiyo hiyo. Wako, Benjamini."*

"Huyu mtu ana adabu," alisema Indravadan.

"Ana maswali!" Scholastika alidakia kutoka nje, mwiko mkononi. "Picha ya juu, picha ya ndani, cheti cha kuzaliwa. Kamera hiyo au mchumba?"

"Muache aulize. Mwenye kitu safi anaogopa nini?"

Alitoa karatasi ya baba yake kutoka mfuko wa shati. Ilikuwa imekunjwa mara nne na imetoboka kwenye mikunjo. Tushar akasoma namba ya kwenye karatasi, mimi nikasoma ya juu ya kamera, tarakimu moja moja. Zilikuwa sawa mpaka ya mwisho.

Indravadan alimgeukia bintiye. "Umesikia?"

"Nimesikia, Bapuji."

"Na hiyo nyekundu mwandikie ni kumkumu, unga mwekundu wa ibada. Kila Diwali baba aliiweka kamera mbele ya sanamu ya Lakshmi pamoja na daftari za duka, akaipaka tika, alama ya baraka. Na mimi naipaka. Mwambie hiyo siyo kutu, hiyo ni heshima."

Tushar alicheka, akapiga picha zile kwa kamera yake ya kidijitali, akaandika. Tangu pale barua iliposema namba huchongwa, mimi nilikuwa naiwaza Nairobi.

Mwaka tisini na mbili kamera ile ilikwama pazia lake la ndani, ikawa haipigi. Dar fundi wake alikuwa amekufa. Mimi wakati ule sikuwa na makao. Nilikuwa nimeshabeba pamba Shinyanga, nimeshavunja kokoto Dodoma, na nilikuwa naelekea Nairobi kwa sababu tu sikuwa nimefika. Indravadan akanikabidhi kamera. Alinipa jina la duka la fundi mmoja wa huko, Mhindi mwenzake, akaniambia: "Anuari bhai, ndugu yangu, usiiache. Kaa hapo hapo kwenye benchi mpaka aimalize, hata siku tatu." Alikuwa na kawaida hiyo kwa kila kitu alichopeleka kwa fundi, hata redio. Hakiachwi. Anakaa mtu.

Nilipofika duka lile niliambiwa nirudi wiki ijayo. Mtaa wa nyuma kulikuwa na fundi mwingine, kijana mcheshi, akasema ataitengeneza kesho. Kwenye kabati lake la kioo kulikuwa na kamera za Kirusi zimepangwa kama mikate. Nikamwachia. Na kwa kuwa sikuwa nimewahi kuliona ziwa, nikapanda basi la Kisumu, nikakaa huko siku kumi na moja. Nilirudi nikaikuta kamera inalia vizuri, namba ni ile ile. Nikamwambia Indravadan nilikaa kwenye benchi siku tatu, na kwamba fundi alinipa chai.

Aliipokea, akaibonyeza mara mbili, akairudisha kwenye mkoba wake wa ngozi. Kazi za studio alikuwa anazifanya kwa kamera za Kijapani. Hii ilikuwa ya kutolewa Diwali tu, na macho yake yalikuwa yameanza ukungu.

Sasa aliizungusha lenzi taratibu, ikatoka. Akainua kamera mbele ya uso, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Sioni. Anuari, macho yako mazuri. Iko mviringo?"

Nikaangalia. Mkono mdogo ulikuwepo, umeng'aa. Ncha yake ilikuwa bapa, imechongoka kama kabari.

"Iko mviringo," nikasema.

"Tushar, piga."

Tushar akapiga, akaichomeka kamera yake kwenye kompyuta. Picha ikafunguka ikajaa kioo kizima. Mkono ule sasa ulikuwa mkubwa kama mguu wa kuku. Tushar aliniangalia mimi, kisha akaangalia vitufe vyake. Falguni aliweka mkono mdomoni.

"Mbona kimya?" aliuliza Indravadan.

Basi akaingiza kidole kidogo ndani ya tundu, akapapasa ncha kwa ukucha. Akapapasa tena. Mtu aliyeshika kamera miaka hamsini na tano hahitaji macho kwa jambo kama hilo. Alikitoa kidole, akakifuta kwenye suruali.

"Anuari bhai. Nairobi ulikaa kwenye benchi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilishasema ndiyo miaka kumi na minne.

"Sikukaa."

"Ulikwenda wapi?"

"Kisumu. Kuona ziwa."

"Lilikuwa zuri?"

Aliuliza hivyo hivyo, bila ukali. Bora angenipiga.

"Mzee Anuari, wewe!" alifoka Tushar. "Miaka yote hiyo unakula kwake!"

"Nyamaza," alisema Indravadan. Akairudishia lenzi, akaizungusha mpaka ikakaza. "Miaka kumi na minne nampaka tika Mrusi." Akajaribu kucheka, ikatoka kikohozi.

Tushar akainama karibu yake. "Mzee, sikia. Namba ziko sawa, karatasi ipo. Tunamtumia zile picha mbili, hii ya ndani tunasema lenzi imekwama. Wabongo tunajua kujiongeza. Anaweza kukubali."

Falguni alikuwa anamwangalia baba yake. Nadhani wakati ule angekubali hata uongo, jinsi uso ule ulivyokuwa.

"Ameomba picha tatu," alisema Indravadan. "Mpe tatu. Mtu ameniamkia shikamoo."

"Mzee, ukituma hii unaondoka."

"Tuma."

Tushar akabonyeza. Kulipita muda, mstari wa bluu wa kutuma picha ukisogea polepole, nasi tumeukodolea macho. Indravadan akasimama, akatoka. Scholastika alimwona, akaacha mzaha.

"Babu, samaki?"

"Leo hapana, mama."

Jibu lilikuja kesho yake. Benjamini aliandika kwamba anasikitika sana, kwamba anaona wazi mzee hakujua, maana mwizi asingetuma picha ya tatu. Akasema lenzi anaweza kuinunua peke yake. Indravadan alikataa. Alisema lenzi ya baba yake imeshazoea mwili ule, ibaki nao.

Ijumaa na Jumamosi nilibeba masanduku yaliyobaki. Falguni alinipa chai, hakunipa neno. Indravadan aliniambia tu mahali pa kushika, hapa kuna kona, hapa kuna msumari.

Aliondoka Jumapili asubuhi. Alifariki huko Uingereza majira ya baridi ya pili, wakamchoma huko huko. Falguni anafanya kazi duka la dawa. Aliniandikia mara moja kunipa habari ya msiba. Benjamini alipata kamera nyingine, halali, kwa mtu wa Praha. Tushar alifunga kafe simu za intaneti zilipoenea, sasa anauza makava ya simu Mtaa wa Aggrey. Scholastika alihamisha jiko lake Ilala. Nyumba ilivunjwa kwa siku mbili. Pale pamesimama ghorofa kumi na mbili, chini wanauza mapazia. Kamera ninayo mimi. Aliiacha juu ya kiti changu cha pale studio Jumapili ile, imefungwa ndani ya mkoba, na tika mbichi juu yake. Iko chumbani kwangu Magomeni. Sijasafiri tena.